Kuzirudisha Picha 24 Zilizofichwa Ndani ya DVD ya Kimarekani

Chukua DVD ya filamu ya Kimarekani, iweke kwenye kompyuta, tafuta mahali ambapo gari linakatiza kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha simamisha. Sasa isogeze mbele fremu moja moja. Katika baadhi ya diski za aina hiyo utaona fremu tatu safi kabisa, zikifuatwa na mbili ambazo kingo za gari zimechanika kwa mistari myembamba ya mlalo, kama meno ya kitana. Baada ya hapo zinakuja tatu safi tena, kisha mbili zilizochanika tena. Gari likisimama michaniko inatoweka, na likianza kutembea inarudi kwa hesabu ile ile ya tatu na mbili.

Wengi wakiona hivyo huamua kwamba diski ni mbovu, au kwamba aliyeinakili alilipua kazi. Ukweli ni kwamba utaratibu huo ulipangwa makusudi ili filamu iweze kuonyeshwa kwenye televisheni za Marekani. Kwa kuwa una kanuni, unaweza kutenguliwa. Ukitenguliwa vizuri, picha zinazotoka ni zile zile alizozipiga mpiga picha, bila kupungua wala kuongezeka. Ukitenguliwa vibaya, filamu inaharibika kwa namna ambayo hakuna programu ya kuirekebisha baadaye, na kwa bahati mbaya njia mbaya ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono.

Chimbuko la yote ni tofauti ya mwendo. Filamu za sinema hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni ya Marekani, iliyofuata mfumo wa NTSC, haikuwa ikionyesha picha nzima kwa mara moja. Ilichora kwanza mistari witiri, yaani wa kwanza, wa tatu, wa tano na kuendelea, kisha ikarudi kuchora mistari shufwa katikati yake. Kila mchoro wa aina hiyo ni nusu-picha, na nusu-picha mbili ndizo zinazofanya fremu moja. Kila sekunde zilipita nusu-picha 60, sawa na fremu 30. Ilipoidhinishwa rangi mwezi Desemba 1953, mwendo ulipunguzwa kidogo, sehemu moja tu katika kila elfu, ili mawimbi ya rangi yasigongane na mawimbi ya sauti na kuacha alama kwenye kioo. Ndiyo maana tangu hapo fremu zikawa 29.97 kwa sekunde, na filamu nayo ikipelekwa kwenye televisheni hiyo hupunguzwa mwendo kwa kiasi kile kile, ikawa 23.976.

Sasa, 24 haiingii ndani ya 60 bila baki. Kila picha ya filamu ingehitaji nusu-picha mbili na nusu, na nusu ya nusu-picha haipo. Mafundi wakapata njia: picha ya kwanza ipewe nusu-picha mbili, ya pili ipewe tatu, ya tatu mbili, ya nne tatu, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Utaratibu huu huitwa puldauni ya 3:2.

Tuziite picha nne za filamu A, B, C na D. A inatoa nusu-picha mbili, B tatu, C mbili, D tatu. Jumla ni kumi, na kumi zinatengeneza fremu tano za video. Ukizipanga kwa zamu ya witiri na shufwa, fremu ya kwanza inakuwa A na A, ya pili B na B, ya tatu B na C, ya nne C na D, ya tano D na D. Angalia fremu ya tatu na ya nne: kila moja imebeba nyakati mbili tofauti ndani ya kioo kimoja. Mistari witiri inaonyesha gari likiwa hapa, mistari shufwa inalionyesha likiwa limeshasogea. Hizo ndizo fremu zilizochanika, na ndiyo sababu zinakuja mbili katika kila tano.

Kwenye televisheni za zamani za kioo kikubwa cha mgongo mrefu michaniko hiyo haikuonekana, kwa sababu televisheni yenyewe ilikuwa ikichora nusu moja baada ya nyingine. Kilichoonekana, kwa mwenye jicho, ni mwendo wa kusitasita. Picha A inakaa kiooni kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, B inakaa sehemu moja ya 20, halafu tena 30, halafu 20. Kamera ikizunguka taratibu juu ya mandhari, majengo yanaonekana yakisonga kwa kusukumwasukumwa badala ya kuteleza.

Sisi wa Tanzania na Kenya tulikulia kwenye PAL, mfumo wa nusu-picha 50, ambako mafundi walichagua njia nyingine: filamu iliharakishwa tu kutoka picha 24 hadi 25. Filamu ya saa mbili ikawa inaisha dakika karibu tano kabla ya wakati wake, na sauti za waigizaji zikapanda kidogo. Kwa hiyo anayetaka filamu kwa mwendo wake halisi mara nyingi anaipata kwenye diski ya NTSC, ilimradi ajue kuifungua.

Kazi ya kufungua inaanza kwa swali moja: je, puldauni imo ndani ya picha zenyewe, au imeandikwa tu kama maagizo? Kwa sababu DVD za NTSC zenye filamu ziko za namna mbili, na kila namna ina dawa yake.

Namna ya kwanza ndiyo ya watengenezaji makini. Ndani ya diski zimehifadhiwa picha 24 nzima nzima, hazijachanganywa. Kila picha ina alama ndogo inayoiambia deki ama irudie nusu-picha ya kwanza au isirudie. Deki inasoma alama hizo na kufanya mgawo wa mbili kwa tatu papo hapo, wakati inapeleka picha kwenye televisheni. Njia hii inaokoa nafasi, maana hakuna sababu ya kuhifadhi fremu 30 wakati filamu ina picha 24 tu. Diski ya namna hii haina haja ya kutenguliwa chochote. Unachotakiwa kufanya ni kuzipuuza alama na kuzichukua picha zilivyo.

Namna ya pili ni pale mgawo ulipofanywa mapema, filamu ilipohamishiwa kwenye mkanda wa video, na mkanda huo ndio uliobanwa kuwa DVD. Hapo fremu zilizochanika zimo ndani ya diski kama picha za kawaida, na alama hazisemi lolote. Hii ndiyo inayohitaji kazi.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. Chagua faili la VOB la katikati ya filamu, usichukue la mwanzo, kwa kuwa nembo ya kampuni na onyo la hakimiliki mara nyingi hutengenezwa kwa video na zitakudanganya. Kisha iulize programu ya `ffprobe` alama za sekunde kumi tu:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -read_intervals "%+10" \
  -show_entries frame=repeat_pict -of csv=p=0 VTS_01_2.VOB
```

Ukipata msururu wa 1, 0, 1, 0, 1, 0, umebahatika: picha 24 zimo humo zikiwa nzima, na alama ya kurudia inawaka moja ndiyo moja siyo. Ukipata sifuri tupu, alama hazitumiki. Hapo rudi kwenye gari linalotembea, uhesabu fremu. Tatu safi na mbili zilizochanika maana yake puldauni imo ndani ya picha. Kama kila fremu yenye mwendo imechanika, bila hata moja safi, basi hiyo ni video halisi iliyopigwa kwa kamera ya televisheni, haikuwa filamu, na haina picha 24 za kurudisha. Kama hakuna iliyochanika kabisa, hapo kuna jambo jingine ambalo nitalieleza mbele.

Wanaotumia Windows wanaweza kupata jibu lile lile kwa `DGIndex`, programu ya Donald Graft ambayo wapenzi wa kazi hii wameitegemea kwa miaka mingi. Inasoma diski na kuonyesha asilimia ya sehemu zenye alama za filamu. Ikionyesha 95 au zaidi, kuna chaguo la `Force FILM` linalozipuuza alama na kutoa picha 24 moja kwa moja.

Kwa diski ya namna ya kwanza, kosa la kawaida ni kuiacha programu ya kubana itoe fremu 29.97. Kwa kuwa picha ni 24, programu inajaza pengo kwa kunakili kila picha ya nne mara mbili. Matokeo hayana michaniko, kwa hiyo mtu anaridhika, lakini mwendo unakwama mara sita kila sekunde. Dawa ni kuiamuru itoe mwendo wa filamu kwa kuongeza `-r 24000/1001` kwenye amri yake. Sehemu hiyo ndiyo 23.976 ikiandikwa kwa usahihi wake kamili.

Namna ya pili nitaieleza kwa filamu moja inayojulikana, *Night of the Living Dead* ya George A. Romero, ya mwaka 1968. Ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka, msambazaji alisahau kuweka tangazo la hakimiliki kwenye nakala zenye jina jipya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Tangu hapo yeyote aliyekuwa na nakala aliweza kuiuza, na ziko DVD za bei rahisi zisizohesabika, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye mikanda ya video iliyokwisha kufanyiwa puldauni. Diski niliyo nayo ni ya aina hiyo. Haina kufuli, ina sifuri tupu kwenye alama, na filamu inaanza kwa gari likija kwenye barabara ya mashambani kuelekea makaburini, jambo linalorahisisha uchunguzi. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo michaniko inaonekana waziwazi kwenye kingo za gari.

Filamu hiyo ina urefu wa dakika 96 hivi. Kwa picha 24 kwa sekunde hiyo ni takriban picha 138,240. Kwenye diski ya namna ya pili zinakuwa fremu 172,800. Kazi iliyopo ni kuzitengua fremu 34,560 ambazo hazikuwahi kupigwa na kamera yoyote, na kuziunganisha upya picha zilizogawanywa kwenye fremu jirani.

Hapa ndipo njia mbaya inapojitokeza. Programu karibu zote za kubana video zina kitufe cha `deinterlace`, na mtu akiona michaniko hukibonyeza. Kitufe hicho kimetengenezwa kwa ajili ya video halisi, ambayo kila nusu-picha ni wakati wake peke yake na haina mwenzake. Kinachofanya ni kutupa nusu ya mistari na kuibuni upya kwa kukisia kutokana na mistari jirani. Kwa filamu hiyo ni hasara tupu. Mistari halisi ya picha C haijapotea, nusu yake imo kwenye fremu ya tatu na nusu nyingine kwenye ya nne. Kuitupa na kubuni mingine ni kuiharibu picha iliyokuwa nzima, na baada ya hapo zile fremu za ziada bado zimo, kwa hiyo na kusitasita kunabaki pale pale.

Njia sahihi ina hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuoanisha. Programu inashika nusu-picha moja ya kila fremu, tuseme ya witiri, kisha inaijaribu na nusu shufwa ya fremu iliyotangulia, na ya fremu ile ile, na ikibidi ya fremu inayofuata. Inapima ni muungano upi unaotoa mchaniko kidogo zaidi, na huo ndio inaouchagua. Rudi kwenye mpango wetu wa A hadi D. Fremu ya kwanza na ya pili hazina shida. Fremu ya tatu ina witiri ya B na shufwa ya C. Programu inaishika ile witiri ya B, inajaribu shufwa ya fremu iliyotangulia, inakuta ni B pia, inaziunganisha, na B inatoka nzima. Fremu ya nne ina witiri ya C, na shufwa yake imo kwenye fremu ya tatu, zinaunganishwa, C inatoka nzima. Ya tano ni D. Sasa tuna A, B, B, C, D, na hakuna mchaniko popote. Hakuna mstari hata mmoja uliobuniwa.

Hatua ya pili ni kutoa ile inayojirudia. Katika kila fremu tano programu inatafuta ile inayofanana zaidi na iliyoitangulia, ambayo hapa ni B ya pili, na kuiondoa. Zinabaki A, B, C na D, kila moja ikikaa kiooni kwa muda sawa na wenzake.

Kwenye `ffmpeg` hatua hizo zinaandikwa hivi:

```
ffmpeg -i filamu.vob \
  -vf "fieldmatch=combmatch=full,yadif=deint=interlaced,decimate" \
  -c:v libx264 -crf 17 -c:a copy filamu.mkv
```

`fieldmatch` ndiyo inayooanisha, na `decimate` ndiyo inayoondoa moja katika kila tano. Katikati yao kuna `yadif`, ambayo ni ile ile kazi ya kubuni mistari niliyoilaumu, lakini hapa imefungwa mikono: inagusa tu fremu ambazo `fieldmatch` imeshindwa kuzipatia mwenza na kuzitia alama kwamba bado zimechanika. Wanaotumia AviSynth wana `TFM` na `TDecimate`, na wa VapourSynth wana `VFM` na `VDecimate`. Wazo ni hilo hilo, na `fieldmatch` yenyewe imetokana na hizo.

Mpangilio una amri yake isiyovunjwa. Usipunguze wala kuongeza ukubwa wa picha kabla ya kuoanisha. Ukibadilisha kimo cha picha, mistari witiri na shufwa inachanganyika, na baada ya hapo hakuna programu itakayojua upi ulikuwa wa nani. Kukata kingo nyeusi nako kusubiri mpaka hatua zote mbili zimalizike.

Amri ikiendelea kufanya kazi, tazama maandishi yanayopita. Kila fremu iliyokosa mwenza inatangazwa kwa sentensi inayomalizia na `is still interlaced`, pamoja na wakati wake kwenye filamu. Tangazo moja moja hapa na pale halina neno. Yakija mfululizo kwa sekunde nzima, nenda ukaangalie kuna nini pale.

Kwenye diski yangu ya Romero matangazo hayo ni machache na yametawanyika, na karibu yote yapo kwenye maunganisho. Filamu za sinema hazikai kwenye mkanda mmoja, hugawanywa katika roli, na roli moja ya sinema haizidi sana dakika 20. Kila roli inapoanza, hesabu ya mbili na tatu inaweza kuanza upya popote. Ikitokea roli ya kwanza imekatwa katikati ya B, nusu-picha moja inabaki yatima, mwenzake ameachwa nje. Hapo `yadif` inafanya kazi yake halali kwa fremu moja, na hakuna mtazamaji atakayejua. Tatizo la maunganisho linaonyesha pia kwa nini programu inayofuata hesabu kwa kukariri, bila kupima kila fremu, haifai: ikikosea kwenye muunganisho wa kwanza, itaendelea kukosea mpaka mwisho wa filamu.

Baada ya kumaliza, kagua kwa macho. Fungua faili jipya kwenye `mpv`, nenda kwenye lile gari, na bonyeza alama ya nukta kusogea fremu moja moja. Gari lisogee kwa hatua zilizo sawa. Ukikuta fremu mbili zinazofuatana hazina tofauti wakati gari linatembea, ile ya ziada haikuondolewa. Ukikuta gari limeruka hatua mara mbili, imeondolewa isiyostahili. Makosa haya mawili huja pamoja, kwa sababu programu ni lazima iondoe moja katika kila tano, na ikiiacha ya ziada itakuwa imeichukua picha halali.

Kuna kazi ambazo hata mjuzi zinamtoa jasho. Mfululizo wa *Star Trek: The Next Generation*, uliorushwa kati ya 1987 na 1994, ulipigwa kwenye filamu ya milimita 35, lakini ulihamishiwa kwenye mkanda wa video na kuhaririwa huko, na picha za vyombo vya angani zikaunganishwa huko huko. Mhariri wa video hakati kwa kufuata A, B, C, D. Anakata panapomfaa, kwa hiyo hesabu inavunjika kila baada ya sekunde chache, na nusu-picha yatima ni nyingi. Mahali ambapo safu mbili za filamu zimewekwa moja juu ya nyingine, kila moja inaweza kuwa na hesabu yake, na hakuna muungano wowote utakaozisafisha zote mbili. Studio ilipotaka kuutoa mfululizo huo kwenye Blu-ray kuanzia 2012, haikuhangaika na mikanda ya video. Ilirudi kwenye negativu, ikazisoma upya, ikauhariri upya mfululizo mzima.

Ukiwa na diski iliyochanganya, sehemu nyingine ina alama na nyingine haina, weka `repeatfields` mbele ya `fieldmatch`. Itazitekeleza alama zote kwanza, ili filamu nzima iwe na hali moja, kisha uoanishaji uanze. Maandishi yanayopanda mwisho wa filamu nayo yana tabia yake: wakati mwingine yalichorwa kwa video juu ya picha, yanasogea kwa kila nusu-picha, mara 60 kwa sekunde. Picha ya nyuma inaweza kuoanishwa lakini maandishi hayaoanishiki. Mimi huyakata na kuyashughulikia peke yake, na sioni sababu ya kuihatarisha filamu nzima kwa ajili ya majina ya mwisho.

Sasa lile jambo nililoliahidi. Ziko diski za NTSC ambazo hazina fremu iliyochanika, lakini ukisimamisha gari linalotembea unaona magari mawili hafifu, moja likipenya ndani ya jingine. Hiyo ni filamu iliyoharakishwa kwanza kwa ajili ya PAL, kisha ikabadilishwa kwenda NTSC kwa mashine inayochanganya picha mbili jirani kuwa moja. Hapo mistari ya picha mbili imeyeyushwa pamoja, na kuoanisha hakuna cha kushika. Hali hiyo inapatikana sana kwenye filamu za Ulaya zilizouzwa Marekani. Usipoteze usiku wako juu yake, tafuta toleo la PAL la filamu hiyo hiyo, picha zake huwa nzima, kisha upunguze mwendo kutoka 25 hadi 24 ukiambatanisha na sauti.

Kuhusu sauti, diski ya kawaida ya NTSC haikupi taabu. Fremu tano za 29.97 zina muda ule ule wa fremu nne za 23.976, ndiyo maana katika amri ya juu sauti imenakiliwa bila kuguswa. Shida inaletwa na mtu anayeona 23.976 na kudhani ni kosa la hesabu, akaifanya 24 kamili. Tofauti ni sehemu moja katika elfu, lakini baada ya saa moja midomo na maneno vinaachana kwa sekunde 3.6. Iache namba ilivyo.

Na kabla hujabonyeza chochote, nakili VOB zote za diski yako mahali salama bila kuzibana. Programu za kuoanisha zimekuwa zikiboreshwa mwaka hadi mwaka, na muunganisho uliokushinda leo unaweza kuurudia kesho, lakini ukiwa umebaki na faili lililopitishwa kwenye `deinterlace` tu, zile picha 24 hazipo tena.